Sofa iwe ya mwisho: panga vyombo vya nyumba kwa usiku wa kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja aliyeko Maskati alinitumia sauti kwenye wasapu. Nyumba yake ya Tanga imeshaezekwa, ina vyumba viwili na sebule, umeme umeingia na milango ipo. Mkataba wake umebaki mwaka mmoja. Akasema, "Dada, mie nikirudi nataka mtu akiingia sebuleni kwangu ashike mdomo." Halafu akanitajia orodha yake. Sofa ya watu saba, tivii kubwa, friji la milango miwili, kabati la nguo. Nikamuuliza, "Godoro je?" Akacheka. "Godoro si litapatikana tu."

Nilicheka naye, lakini moyoni niliumia, maana mimi ndiye niliyefanya hivyo hivyo miaka ile. Nilinunua seti ya sofa hukohuko Omani kwa riali 180, nikalipa riali 140 kuisafirisha. Ilipofika haikupita mlangoni. Fundi akang'oa fremu ndipo ikaingia, na fremu kuirudishia ikawa gharama nyingine. Kisha ile sofa ikakaa miezi 14 ndani ya nyumba iliyofungwa, madirisha hayafunguliwi, bati linavuja pembeni. Niliporudi nilikuta ukungu kwenye vitambaa na panya wamezaa ndani ya spongi. Usiku wangu wa kwanza nyumbani kwangu mwenyewe nililala sakafuni kwenye mkeka, maji nimeomba kwa jirani, chakula kimetoka kwa shangazi. Ile sofa niliiuza kwa shilingi 400,000, ambayo haikufika hata robo ya nilichotoa.

Kwa hiyo maoni yangu leo ni haya, na najua wengine hamtayapenda. Orodha ya vyombo vya nyumba ya kwanza inapangwa kuanzia kitakachotumiwa na mwili wako usiku wa kwanza. Kile kitakachotazamwa na wageni kinakaa mwisho. Na kwa wengi wetu, kwa mshahara tunaoujua, hicho cha wageni hakitakiwi kununuliwa kabisa kabla hujarudi.

Jaribu hivi. Funga macho, jione umeshuka kwenye basi saa 2 usiku, una watoto wawili na mabegi. Unafungua mlango. Unahitaji nini mpaka asubuhi? Unahitaji mlango unaofungwa kwa ufunguo ulio nao wewe peke yako. Unahitaji maji ya kuoga na ya chooni. Unahitaji kupika hata chai. Unahitaji pa kulala, neti, na pazia ili watu wasikuone ndani. Hiyo ndiyo awamu ya kwanza. Kitu ambacho hukukihitaji usiku ule kinasubiri.

Sasa tufanye hesabu ya huyu dada, maana maneno bila namba hayamsaidii mtu. Analipwa riali 100 kwa mwezi. Anatuma 40 kwa watoto na mama yake, anabaki na 10 za kwake, anaweka 50. Miezi 12 iliyobaki ni riali 600. Kwa urahisi wa hesabu tuchukulie riali moja ni shilingi 6,500, wewe angalia bei ya siku yako. Ni shilingi 3,900,000.

Watu wengi wakishaiona hiyo milioni 3.9 wanaanza kuigawa kwa vitu. Hapo ndipo wanapokosea. Kabla ya kununua hata kijiko, toa hela ya kula. Ukirudi mshahara umekatika siku hiyohiyo, na kazi au biashara haianzi kesho yake. Yeye aliniambia nyumbani wanatumia kama 300,000 kwa mwezi, tukatoa ya miezi mitatu, 900,000. Hiyo haiguswi. Imebaki milioni 3 kamili.

Kisha tukatoa hela ya kufikisha na kufunga. Kitu hakiishii dukani. Kuna gari la mizigo, wabebaji, fundi bomba, mabomba yenyewe, fimbo za mapazia, skrubu, waya na soketi ya ziada. Mimi huwa natenga shilingi 15 kwa kila shilingi 100 za bajeti. Kwenye milioni 3 ni 450,000. Kama usipoitenga mwanzoni itakuja kuchukuliwa kwenye hela ya godoro, nimeona mara nyingi. Kwa hiyo hela ya vitu vyenyewe ni 2,550,000.

Sasa awamu ya kwanza, kwa bei alizoulizia ndugu yake madukani. Vitasa vipya viwili, mlango wa mbele na wa nyuma, 80,000. Usishangae nimeanza na vitasa. Wakati wa ujenzi funguo zimepita kwa fundi, kwa msaidizi wake, kwa mpaka rangi na kwa binamu. Huwezi kuingiza mali ndani ya nyumba ambayo hujui ina funguo ngapi. Tangi la lita 1,000 ni 280,000. Ndoo, madumu na mabeseni 50,000. Mtungi wa gesi wa kilo 15 uliojaa pamoja na jiko la sahani mbili 220,000. Sufuria, sahani, vikombe, mwiko na visu 120,000. Kitanda chake cha futi 5 kwa 6, 300,000, na godoro lake la inchi 8, 280,000. Kitanda cha deka cha watoto 300,000, na magodoro mawili ya futi tatu na nusu kwa sita, 240,000. Neti, mashuka na mapazia ya vyumba vya kulala 200,000.

Jumla ni 2,070,000. Zimebaki 480,000.

Awamu ya pili ni kukaa na kupumua. Feni mbili 120,000, maana Tanga joto lake mnalijua. Mkeka mkubwa wa sebuleni 60,000, viti sita vya plastiki 120,000, meza moja 80,000. Ni 380,000. Imebaki 100,000, tukaiacha hapo hapo, maana bei hupanda kati ya leo na siku ya kununua.

Na ile orodha yake ya kwanza? Tuliihesabu pia. Friji 650,000, tivii 400,000, sofa ya fundi wa mtaani 1,200,000, kabati 400,000. Ni 2,650,000. Tazama vizuri hapo. Vitu vinne tu vinakula hela yote ya vyombo na kupitiliza kwa 100,000. Angekuwa na sebule ya kushika mdomo, halafu akalala chini na watoto wake. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana wanarudi wanauza."

Ndiyo hivyo, dada. Wanauza kwa sababu walianza mwisho.

Si kwamba friji ni dhambi. Mpangilio unafuata matumizi. Kama mwenzetu anarudi na mpango wa kuuza barafu, juisi au samaki, friji la kugandisha linapanda juu, lakini linalipwa na hela ya mtaji, halichukui hela ya godoro. Kama una mgonjwa nyumbani anayetumia insulini, friji dogo linaingia awamu ya kwanza bila mjadala. Lakini friji la kuweka maji ya baridi na nyanya tatu linaweza kungoja miezi mitatu. Tena ukishakaa ndani ya nyumba ndipo unajua kweli unahitaji la ukubwa gani, na yuniti za LUKU zinavyokwenda.

Kaka zetu wa saiti kule Doha na Dubai ambao mnarudi kwenye nyumba ya kupanga, kwenu mpangilio ni uleule ila mahali pa tangi panakaa kodi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita mbele. Toa hiyo kwanza, pamoja na hela ya kula. Halafu usinunue kitu kinachofuata umbo la nyumba, kama kabati la kufungwa ukutani au mapazia ya kushonesha kwa kipimo cha dirisha lile. Ukihama vinabaki au havifai.

Sasa nije kwenye vipimo, maana hapa ndipo hela nyingi inapopotea bila mtu kuibiwa.

Vitanda vingi vya Ghuba vinapimwa kwa sentimita. Kitanda kikubwa cha kawaida ni 180 kwa 200. Kwetu fundi seremala anatengeneza kwa futi. Kitanda cha sita kwa sita ni sentimita 183 kwa 183. Ukileta godoro la Omani la 180 kwa 200 ukaliweka juu ya kitanda cha sita kwa sita, linatokeza sentimita 17 miguuni, kama kiganja kilichokunjuliwa. Mashuka ya mpira ya 180 kwa 200 nayo yanapwaya. Kwa hiyo amua mapema. Kama una mashuka mengi mazuri uliyopewa na madam na unataka kuyatumia, mwambie fundi akutengenezee kitanda cha 180 kwa 200 na umtafutie godoro la kipimo hicho. Kama sivyo, acha kununua mashuka ya huko. Wengi wetu tumejaza mabegi mashuka yasiyolingana na kitanda chochote.

Kabla ya kununua kitu chochote kikubwa, omba upigiwe simu ya video na mtu akiwa na futi kamba mkononi. Akuoneshe upana wa mlango kati ya fremu na fremu, si upana wa ubao wa mlango. Akuoneshe kona ya korido, maana friji linaweza kupita mlangoni likakwama kwenye kona. Akuoneshe urefu wa ukuta ambao sofa au kitanda kitakaa. Halafu chora mstari kwa chaki sakafuni, kitanda kitafika hapa, kabati litafika pale. Kati ya vitu viwili acha angalau sentimita 70 za mtu kupita. Kama chaki inakuonesha kwamba mlango wa kabati hautafunguka, umeokoa laki kadhaa kwa kipande cha chaki.

Tangi nalo lina somo lake. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000, tani nzima. Tangi la plastiki linatakiwa likae sehemu tambarare, chini yake pote pakiwa pameshikwa. Ukiliweka juu ya mbao zilizoachana, maji yanalisukuma kwenye nafasi za katikati, linapinda na mwishowe linapasuka kitako. Kwa hiyo kwenye ile 450,000 ya fundi, msingi wa zege wa tangi umo. Usinunue tangi kabla msingi haujajengwa, likakaa juani uani likichezewa na watoto.

Vitu vya umeme, angalia kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Omani umeme ni volti 240 na 50Hz, Tanzania ni volti 230 na 50Hz, na plagi ya pini tatu za mraba ni ileile. Pasi na blenda ya Maskati itafanya kazi Tanga. Ila waliopo Saudia, huko ni 60Hz. Kibandiko kikiandika 50/60Hz hakuna shida, lakini kikiandika 60Hz peke yake, kitu chenye mota kama friji au mashine ya kufulia kinaweza kupata moto na kufa mapema kikifika kwetu. Na walioko Marekani, umeme wenu ni volti 120. Kitu cha volti 120 peke yake kikichomekwa kwetu kinaungua palepale.

Sasa swali ninaloulizwa kila siku: nilete nini kutoka huku, na nini ninunue nyumbani? Jibu langu linatokana na ujazo. Mizigo ya meli mara nyingi inalipiwa kwa nafasi inayochukua, si kwa thamani yake. Pima urefu mara upana mara kimo, kwa mita. Sofa ya watu watatu yenye urefu wa mita 2.1, upana 0.9 na kimo 0.9 ni mita za ujazo 1.7. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 50 ni 0.15. Maana yake sofa moja inachukua nafasi ya maboksi 11. Na ndani ya sofa umesafirisha nini? Mbao, spongi na hewa. Mbao tunazo, mafundi tunao, na fundi wa mtaani kwako atakuja kuitengeneza mguu ukivunjika.

Ndani ya boksi moja lakini unaweza kuweka sufuria nzito, chupa za chai, pasi, blenda, taulo, visu na vyombo vya udongo vilivyofungwa kwenye taulo hizohizo. Hivyo ndivyo vya kubeba, vidogo, vizito na vyenye bei. Vikubwa na vyepesi kama sofa, magodoro, makabati na meza, nunua nyumbani. Na ushuru usiusahau. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha kwa mtu anayehamia nyumbani, lakini ni kwa vitu vyake vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huko alikoishi. Friji jipya ndani ya boksi lake si hilo. Uliza forodha kabla mzigo haujapakiwa, usingoje uwe bandarini.

Jambo la mwisho ni lini ununue. Hapa napingana na wengi wanaosema nunua kidogo kidogo kila mwezi ili hela isipotee. Kwa mfuko wa saruji ukiwa unajenga sawa. Kwa vyombo vya ndani, kununua mapema kuna gharama. Waranti ya friji inaanza kuhesabiwa siku ya risiti, si siku utakayoliwasha. Ukilinunua mwezi huu ukarudi baada ya mwaka, waranti ya mwaka imekwisha na hujui hata kama linagandisha. Godoro lililosimamishwa ukutani miezi minane linapinda. Nyumba iliyofungwa ina unyevu, na unyevu wa pwani hauna huruma na mbao wala kitambaa. Halafu kitu kikiwepo na wewe haupo, kitatumika tu. Wala simlaumu ndugu. Kiti kipo, mgeni kaja, atakaa wapi?

Kwa hiyo hela ikae, vitu vije mwishoni. Iweke kwenye akaunti yenye jina lako. Miezi miwili kabla ya kurudi, jenga msingi wa tangi, weka tangi na bomba, badilisha vitasa. Mwezi mmoja kabla, agiza vitanda kwa fundi, umpe nusu na picha yenye vipimo. Wiki mbili kabla, magodoro na gesi. Kila mara tuma hela ya kitu kimoja kwa jina lake. Usitume milioni ukasema "ninunulieni vyombo". Kama duka linapokea malipo ya simu, lipa wewe mwenyewe kwa lipa namba, utaliona jina la biashara kabla ya kubonyeza, na uombe picha ya risiti ya mashine na ya kitu chenyewe kikiwa ndani ya nyumba yako.

Najua mtaniambia, "Dada, watu watasemaje? Miaka minne Uarabuni, sebuleni viti vya plastiki?" Watasema. Kwangu walisema. Lakini waliosema waliniona nimekaa kwenye nyumba yenye maji, watoto wamelala kitandani, na mwezi wa pili sikuenda kukopa kwa mtu. Wengine walikuwa na sofa, na mwenye duka anawadai unga.

Yule dada wa Tanga amebadilisha orodha yake. Sofa ameiandika chini kabisa, na pembeni yake ameandika "mwezi wa sita baada ya kurudi, kwa hela ya biashara." Jana kanitumia picha ya mdogo wake kashika futi kamba mlangoni. Mlango wa mbele ni sentimita 84. Friji la milango miwili alilokuwa analitaka lina upana wa 91.